Wito: Tuchimbe Mashimo 180 Kabla ya Mvua za Desemba

Ndugu zangu mnaolima katika nchi kavu, na ninyi mliohamia mjini lakini wazazi wenu bado wanashika jembe huko, nina ombi. Sichangishi fedha. Naomba kipande cha shamba chenye upana wa mita kumi na urefu wa mita thelathini, kamba ya katani, ndoo chache za samadi, na subira ya msimu mmoja. Aliyenifundisha kuomba hivyo ni bibi shamba mmoja wa Mkoa wa Dodoma.

Nilimkuta chini ya mbuyu, amekaa kwenye jiwe, akifunga mafundo katika kamba. Kila alipofunga fundo moja alipima mpaka la pili kwa kijiti chenye urefu wa sentimita 60. Nilimwamkia, nikamwambia nimekuja kumuuliza anawezaje kufundisha kilimo kipya watu wa vijiji kadhaa, ilhali hana gari wala fedha za semina, na mafuta ya pikipiki ni ya kubahatisha. Akacheka, akanipa ncha ya pili ya kamba niishike ivutike vizuri.

"Hii ndiyo ofisi yangu," alisema. "Ikikatika naiunga."

Miaka yake ya kwanza kazini haikuwa hivi. Alikuwa na shamba la mfano karibu na ofisi ya kata. Lilikuwa na uzio, mbegu nzuri na mbolea ya dukani, na mahindi yake yalisimama kama askari. Siku ya wakulima watu walikuja, wakala pilau, wakasifu, wakaenda zao. Msimu uliofuata hakuna hata mmoja aliyebadili kitu. Alipouliza sababu, mama mmoja alimjibu kwa upole: "Mwanangu, lile ni shamba la serikali. La kwangu halina uzio."

Jibu hilo lilimuuma, lakini ndilo lililomfungua macho. Mkulima hakatai kitu kipya kwa sababu ya ukaidi. Anakataa kwa sababu alichoonyeshwa kimeota katika udongo usio wake, kwa fedha zisizo zake. Tangu siku hiyo bibi shamba alijiwekea sharti kwamba hatafundisha jambo lolote ambalo mkulima maskini kuliko wote kitongojini hawezi kulijaribu kwa vitu vilivyomo nyumbani mwake.

Mkoa wa Dodoma una kumbukumbu yake ya somo hilo. Mwaka 1947 Waingereza walianza Kongwa mradi mkubwa wa karanga. Walileta matrekta na mitambo, wakakusudia kulima mamilioni ya ekari. Mvua haikuja kama walivyotarajia, na udongo wa pale ulipokauka ulikuwa mgumu kama saruji, ukavunja majembe ya trekta. Mwaka 1951 mradi uliachwa baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 36. "Wangeanza na kipande kidogo, wakamuuliza mzee mmoja wa Kigogo mvua za hapa zinakujaje, wangejua mapema," alisema bibi shamba. "Mimi sina hata senti ya kupoteza, kwa hiyo lazima nianze na kidogo."

Nikamuuliza kwa nini, kati ya mambo yote ya kilimo, amechagua mashimo.

Alinionyesha bonde lililokuwa mbele yetu. Sehemu hizi hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mvua inaponyesha, hunyesha kwa kishindo. Maji hupiga udongo mtupu, huufunga uso wake, kisha hutiririka kuelekea korongoni kabla hayajazama. Halafu katikati ya msimu, mara nyingi kati ya mwisho wa Januari na Februari, mvua hukatika kwa wiki mbili au tatu, na mtama unajikunja majani. Wengi huku hulima kwa kuberega, yaani kufyeka, kuchoma na kupanda juu kwa juu bila kutifua, na hapo maji hupita kama mgeni asiyekaribishwa. Kwa hiyo shida ya hapa ni maji kutokukaa shambani, hata pale mvua inapokuwa ya kutosha.

Dawa yake haikutoka maabara. Katika kijiji cha Chololo, mkoani humo humo, mkulima alibuni mashimo madogo ya kupandia yanayokusanya maji, na leo yanaitwa kwa jina la kijiji hicho. Shimo la Chololo lina upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30. Kutoka shimo hadi shimo katika mstari mmoja ni sentimita 60, na kutoka mstari hadi mstari ni sentimita 90.

"Sasa ukimtajia bibi wa miaka sabini hizo sentimita, atakutazama tu," alisema. "Lakini mkono anao. Upana wa shimo ni shubiri moja. Kina ni shubiri na vidole vinne. Mstari na mstari ni dhiraa mbili. Ile sitini ndiyo naifungia mafundo kwenye kamba, kwa sababu shubiri za watu zinatofautiana, na kosa dogo likirudiwa mara mia linakuwa kubwa."

Mistari hukata mteremko, haiufuati. Kujua mteremko ulikoelekea si lazima uwe na kipimo. Mwaga ndoo ya maji ardhini, uone yanakokimbilia, kisha tandaza kamba yako ikiyakinga. Udongo unaotoka shimoni huwekwa upande wa chini wa shimo, uwe kama tuta dogo la kuzuia maji. Ndani ya shimo linaanza konzi la majivu, kwa sababu bila majivu mchwa watakula mabua na kuhamia kwenye mmea. Juu ya majivu huwekwa samadi iliyooza, yeye hupima kwa kopo la nusu lita, kisha mabua au majani makavu. Udongo hurudishwa juu, lakini shimo halijazwi hadi ukingoni. Hubakishwa nafasi ya maji kutuama. Mvua ya kwanza ya maana ikinyesha, hupandwa mbegu nne au tano za mtama, na miche ikifika urefu wa kiganja hupunguzwa ibaki miwili.

Nikamwambia hiyo yote ingeingia katika kipeperushi kimoja. Akatikisa kichwa. Kipeperushi kinaeleza shimo, alisema, lakini hakimjibu mtu anayeuliza kama shimo linalipa jasho lake. Hapo ndipo akanisimulia kisa cha mzee mmoja ambaye, kwa maneno yake, alimfundisha kazi.

Msimu wa kwanza wa mashimo, bibi shamba alimwomba mama mmoja mjane kipande cha shamba kando ya njia ya kwenda mashine ya kusaga. Kipande kimoja walilima kwa desturi, cha pili wakachimba mashimo. Mtama wa mashimoni ulipendeza sana. Siku ya kuvuna watu walijaa, na bibi shamba akaanza kusifu mashimo. Mzee mmoja akainua fimbo yake na kuuliza: "Bibi shamba, kilichozaa ni shimo au ni samadi? Maana huku kwenye desturi hukuweka samadi."

Watu wakageuka kumtazama. Hakuwa na jibu. Alikuwa amebadili mambo mawili kwa pamoja, akalisifu moja. "Nilitamani ardhi ipasuke," aliniambia. "Kisha nikamwambia, 'Babu, sijui. Mwakani tutajua.' Na yeye akajitolea shamba lake."

Mwaka uliofuata walipima vipande vitatu, kila kimoja mita kumi kwa kumi, vimepangana ubavu kwa ubavu. Cha kwanza kililimwa kwa desturi bila kitu. Cha pili kililimwa kwa desturi, lakini kikatawanyiwa samadi ileile na kwa kiasi kilekile. Cha tatu kilichimbwa mashimo yakatiwa samadi. Mbegu zilitoka mfuko mmoja, zikapandwa siku moja, na palizi ilifanyika asubuhi moja. Hapo jambo moja tu ndilo linalotofautisha kipande na jirani yake. Tofauti ya cha pili na cha kwanza ni kazi ya samadi, na tofauti ya cha tatu na cha pili ni kazi ya shimo. Swali la babu likapata jibu bila afisa kutoa hotuba.

Utaratibu huu wa watu kujifunza shambani kwa macho yao, msimu mzima, tunauita shamba darasa. Ulianza Indonesia mwaka 1989, pale wakulima wa mpunga waliposumbuliwa na wadudu ambao dawa zilikuwa zikiwaongeza badala ya kuwapunguza. Walifundishwa kukagua wadudu wenyewe kila wiki na kuamua wenyewe la kufanya. Mashamba darasa yenye ufadhili huwa na daftari, karatasi kubwa na chai. Bibi shamba anachora ardhini kwa kijiti.

Hana uwezo wa kwenda kila wiki katika kila kijiji. Kwa hiyo amepunguza mikutano hadi mitano, na kila mmoja una jambo la kuona, si la kusikia tu. Wa kwanza ni wa kuchimba, Septemba au Oktoba, kabla kazi hazijabana. Wa pili ni wa kupanda na wa tatu ni wa kupunguza miche. Wa nne hufanyika katikati ya ukame wa Februari, na huo ndio anaoupenda kuliko yote. Siku saba au nane baada ya mvua ya mwisho, kila mtu huchimba kwa kidole chini ya mmea, katika kipande cha desturi na katika shimo, achukue udongo na kuufinya. Ukifumbua mkono ukakuta udongo umeshikamana kama kitonge, unyevu bado upo. Ukimwagika kama unga, mmea unaishi kwa kudra. Mtu aliyeshika vitonge viwili kwa mikono yake miwili hahitaji kushawishiwa. Mkutano wa tano ni wa kuvuna na kupima.

Mikutano hiyo hupangwa asubuhi ya siku ya mnada au ya zamu ya mashine, watu wanapopita njia hiyo wenyewe. Alipokuwa akiita saa nane mchana walikuja wanaume wenye nafasi, huku wanawake, ambao ndio wapandaji na wapaliliaji, wakiwa kisimani. Na mwenye shamba hateuliwi kwa ukubwa wa sauti wala wingi wa ng'ombe. Ukichagua tajiri, majirani watasema amevuna kwa sababu ana mali. Yeye hutafuta mtu wa kawaida, anayeaminika, mwenye shamba linaloonekana na wapita njia.

Nilimuuliza atajuaje kama watu wameelewa, maana wengi huitikia "ndiyo" kwa heshima tu. Hapo akatoa mfukoni punje za maharage. Kabla ya msimu huuliza maswali matatu, na kila swali lina makopo mawili yaliyofunikwa, moja la ndiyo na moja la hapana. Kila mtu hutumbukiza punje yake bila kuonekana. Swali mojawapo ni hili: je, samadi mbichi inafaa kuwekwa shimoni siku ya kupanda? Baada ya mavuno hurudia maswali yaleyale. Punje zikihama kopo, somo limeingia. Zisipohama, anajua aliyekosea ni yeye mwalimu, na hakuna aliyeaibishwa kwa kutojua kusoma.

Hakunificha yaliyomharibikia. Msimu mmoja waliharakisha wakatia samadi mbichi. Miche ikawa ya njano, mingine ikaungua kabisa. Siku hizi huwaambia wainuse. Samadi iliyoiva hunuka udongo, wala haina joto ukiingiza mkono. Mwaka mwingine alipanda kipande chake wiki mbili kabla ya majirani. Mtama ukatangulia kuiva, kwelea kwelea wote wa bonde wakahamia hapo, na siku ya kupima hapakuwa na cha kupima. Tangu hapo hupanda siku wanapopanda majirani. Na kuna mwaka mashimo yaliyochimbwa chini ya njia ya ng'ombe yalijaa mchanga kwa mvua moja, kwa sababu maji ya juu hayakukingwa. Mahali pa namna hiyo huhitaji kwanza mtaro au mstari wa mawe upande wa juu, au hapachimbwi kabisa.

Lakini kipingamizi kikubwa ni jasho, na hapa alitaka niandike vizuri. Kipimo chake siku ya mavuno ni sado, lile kopo la lita nne linalojulikana sokoni, tano zake zikijaza debe. Chukua mfano kwamba kipande cha kwanza kimetoa sado mbili, cha pili tatu, cha tatu nne. Basi samadi imeongeza sado moja na shimo limeongeza sado moja. Kipande cha mita kumi kwa kumi huingia mara 40 katika ekari. Sado moja ya shimo inakuwa sado 40 kwa ekari, yaani debe nane, gunia moja na debe mbili juu.

Kisha huwauliza: na mashimo ni mangapi? Kipande kina mashimo kama 180. Ekari nzima ina karibu 7,400. Mtu akichimba mashimo 100 kwa siku, ekari itamla siku 74. Samadi ya nusu lita kwa kila shimo inafika ndoo 185 kubwa. Hapo watu hupiga mluzi.

"Siwaambii wachimbe ekari," alisema. "Nawaacha wahesabu. Wenye vijana wengi nyumbani hufanya nusu ekari. Mjane wangu yule alichimba robo tu, karibu na nyumba, palipo na zizi la mbuzi. Mwaka wa pili hakuchimba upya, aliyafukua yaleyale na kuongeza samadi, kazi ikapungua. Na ile robo, mvua ikikatika, ndiyo inayompa chakula."

Ndiyo maana, ndugu zangu, naleta ombi hili kwenu, na kila mmoja ana fungu lake.

Wewe mwenye shamba kando ya njia, tenga mita kumi kwa thelathini kabla ya Novemba. Gawa vipande vitatu kama alivyofanya babu. Usingoje mradi wala kofia ya mradi. Chimba mashimo yako 180, mtu mmoja asubuhi mbili au tatu anayamaliza, na samadi ya kipande hicho ni ndoo nne na nusu tu. Usisahau kukitawanyia kipande cha katikati ndoo nne na nusu nyingine. Kisha mwite afisa ugani wako aje siku unayotandaza kamba. Hata kama ana mafuta ya safari moja tu kwa mwezi, atajua ni wapi pa kuyatumia.

Wewe mwenyekiti wa kitongoji, usiitishe mkutano mpya. Tupe robo saa katika mkutano ulio nao, na utangaze siku ya kufinya udongo Februari kama unavyotangaza siku ya kuchimba mtaro. Hakikisha saa iliyochaguliwa si ya kisimani.

Wewe uliye mjini na unayetuma fedha nyumbani kila msimu, kabla hujatuma ya mfuko wa mbolea, piga simu uulize maji yanapita wapi katika shamba la mama. Mbolea juu ya udongo usioshika maji hufuata maji korongoni. Ukipata likizo Oktoba, njoo na mikono yako. Siku mbili zako zitatosha kipande kimoja.

Na ninyi maafisa ugani wenzake bibi shamba, yeye amenituma neno moja kwenu. Siku ya kuvuna mpime mbele ya watu, na mtangaze kipimo kama kilivyo, hata mwaka ambao mvua imekuwa nyingi, maji yametuama shimoni na desturi imeshinda. Mwaka kama huo ulimpata. Alisimama akasema mashimo yameshindwa, akaeleza kwa nini, na mzee wa fimbo akasema mbele ya wote kwamba sasa ndipo anaamini hesabu za miaka iliyopita.

Nilipoaga, alikuwa amefikia fundo la kumi na saba, karibu mita kumi. Aliikunja kamba, akanipa. "Hii ni yako," alisema. "Kwenu mnalima, sivyo?"

Ninayo hapa nyumbani. Oktoba naipeleka kwa mama.